Daftari la shukrani kazini: mambo kumi kila asubuhi. Utafiti unasema nini hasa?

Nesi_LangaLanga (Nakuru)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha binafsi hapa Nakuru, na mara nyingi niko zamu ya usiku. Hivi majuzi uongozi ulituletea mkufunzi wa masuala ya afya ya akili kazini. Kila mtu akapewa daftari na agizo likatoka: kila asubuhi, kabla ya kukabidhiana zamu, andika mambo kumi unayoshukuru, kisha mmoja wetu asome yake kwa sauti. Mkufunzi alituambia sayansi imethibitisha kwamba ukifanya hivyo msongo unaondoka na sonona inaisha.

Siku za mwanzo watu waliandika kwa moyo. Sasa hivi kurasa zangu zote zinafanana: afya, watoto, kazi, hewa, chakula, maji. Namaliza kuandika na hakuna nilichohisi. Halafu kuna jambo lingine. Posho ya usiku imechelewa, na mwenzetu mmoja alipoitaja kwenye kikao aliambiwa aanze na shukrani zake kwanza.

Sipingi kushukuru. Nimelelewa katika nyumba ya sala kila jioni. Ninachoomba ni mtu anayejua utafiti wenyewe anieleze faida iko au haipo, ni kubwa kiasi gani, na kama kuna namna fupi ambayo mtu aliyekesha anaweza kuifanya bila kujidanganya.

Wekesa_Bungoma

Dada pole na kazi. Zoezi hilo ni la kweli kabisa. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha watu walioandika baraka zao na wengine walioandika kero zao. Walioandika baraka walikuwa na mtazamo bora wa maisha, na wanafunzi wao wakafanya mazoezi ya mwili zaidi. Kulikuwa pia na kundi la wagonjwa wa misuli na neva walioandika kila siku kwa siku 21, na walilala vizuri zaidi.

Kwa hiyo siri ni siku 21 mfululizo. Usiruke hata moja, maana ukiruka unaanza upya. Na mambo kumi ni bora kuliko matano. Endelea tu, utaona.

Mzee_Kapsabet

Binti yangu, nimesoma swali lako na limenigusa. Kushukuru ni wajibu wetu kwa Mungu, na hakuhitaji kupimwa na wataalamu. Kama moyo umekauka, peleka sadaka ya shukrani Jumapili, omba na mchungaji wako, kisha tulia. Mimi nimefanya hivyo tangu ujana wangu na sijawahi kujuta.

Nesi_LangaLanga

Asante mzee wangu, nimepokea kwa heshima. Ila hili la daftari ni agizo la kazini, si la kanisani, na wenzangu ni wa dini tofauti. Ndiyo maana nauliza upande wa utafiti.

Atieno_Milimani (Kisumu)

Dada Nesi, nimefanya kazi kwa miaka kadhaa nikikusanya takwimu za majaribio ya saikolojia, na sasa nafundisha chuoni. Naomba nianze na alichosema ndugu Wekesa, kwa sababu utafiti alioutaja upo na ameueleza vizuri, ila amekiacha kiungo kinachobadilisha maana ya matokeo yote.

Katika jaribio la kwanza la 2003 makundi yalikuwa matatu. Wa kwanza waliandika hadi mambo matano ya kushukuru, mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki kumi hivi. Wa pili waliandika kero. Wa tatu waliandika tu matukio yaliyowagusa, mazuri au mabaya. Ukiwalinganisha walioshukuru na walioandika kero, tofauti inaonekana wazi. Ukiwalinganisha na wale wa matukio ya kawaida, tofauti inapungua sana. Hapo lazima ujiulize: shukrani imewapandisha wale wa kwanza, au kero zimewashusha wa pili? Mtu ukimkalisha kila wiki ahesabu yaliyomuudhi, hutashangaa akiwa na sura ya kuudhika.

Swali hilo la kundi la kulinganisha ndilo linaloamua karibu kila kitu katika eneo hili. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu zoezi la kuandika mambo matatu mazuri kila usiku kwa wiki moja, na kando ya kila jambo sababu iliyolifanya litokee. Wenzao waliandika kumbukumbu za utotoni. Wale wa mambo matatu walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona hata baada ya miezi sita, hasa wale walioendelea kwa hiari yao. Basi zoezi likasambaa duniani. Lakini mwaka 2012 Myriam Mongrain na Tracy Anselmo-Matthews walilirudia, na safari hii wakaongeza kundi lililoandika kumbukumbu nzuri za utotoni. Kundi hilo lilifanya vizuri sawasawa na la mambo matatu. Inawezekana basi kinachosaidia ni kukaa kidogo na jambo jema linalokuhusu, na wala si shukrani yenyewe.

Mwaka 2016 Don Davis na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja. Zoezi la shukrani liliwashinda wazi watu waliojaza fomu tu bila kufanya chochote. Lilipopambanishwa na mazoezi mengine yenye maana, kama kufanya tendo la wema, halikuonyesha kuwa bora. Kisha 2025 kukaja uchambuzi mkubwa zaidi wa tafiti 145 kutoka nchi 28. Faida ipo, ila ni ndogo. Tuseme hivi: ukimchukua mmoja bila kuchagua kutoka kundi la shukrani na mmoja kutoka kundi la kulinganisha, ukafanya hivyo mara mia, yule wa shukrani ndiye atakayekuwa na hali bora ya moyo mara kama 55. Ingekuwa hakuna faida yoyote, ingekuwa mara 50.

Mkufunzi wenu alipowaambia sonona inaisha, alipita mbali na ushahidi. Mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens walipitia majaribio 27 yaliyopima sonona na wasiwasi peke yake, wakakuta athari ndogo, na wakashauri watu wanaotaka kupunguza dalili hizo watafute tiba zenye ushahidi wenye nguvu zaidi.

Zile siku 21 zilikuwa muda wa jaribio la wagonjwa wale tu. Watafiti walipanga siku 21 kama ambavyo wangeweza kupanga 14. Hakuna aliyepima kwamba ukiruka siku moja unaanza upya.

Wekesa_Bungoma

Dada Atieno nakushukuru, umefafanua. Lakini bado nashikilia kwamba kila siku ni bora. Umesema mwenyewe wale wa 2005 waliandika kila usiku na wakafaidika miezi sita. Kitu kizuri ukikifanya mara nyingi si unapata zaidi?

Atieno_Milimani

Ndugu Wekesa, hoja yako ina uzito, na sitakuambia imefungwa. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwahi kuwapa watu zoezi hilihili la mambo matano kwa wiki sita. Kundi moja liliandika mara moja kwa wiki na jingine mara tatu. Walioinuka ni wale wa mara moja. Maelezo yao ni kwamba ukirudia mno, akili inazoea na zoezi linageuka kazi ya kujaza nafasi. Lakini ni jaribio moja, na wale wa kila usiku mwaka 2005 walifanya kwa wiki moja tu, kwa hiyo hawakupata nafasi ya kuchoka. Mimi nasoma hivi: kila siku kwa muda mfupi inavumilika, kila siku bila mwisho, kwa idadi ya lazima, ndipo watu wanaanza kuandika hewa na maji.

Na dada Nesi ametupa ushahidi wake mwenyewe hapo juu. Kurasa zikianza kufanana, zoezi limeshakwisha hata kama mkono bado unaandika.

Khayanga_Kakamega

Naomba niseme langu. Nilipofiwa na mume wangu, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na desturi ya kila mmoja kutaja jambo la kushukuru tunapoanza. Nilikuwa nataja watoto, kila mara watoto, na nikifika nyumbani nalia kwa sababu nilihisi mimi ni mtu wa kukosa shukrani. Wenzangu wanacheka na kumshukuru Mungu, mimi moyo umeganda. Niliona kasoro iko kwangu. Je, utafiti unasema chochote kuhusu watu kama sisi?

Atieno_Milimani

Mama Khayanga, pole sana kwa msiba huo. Hakuna kasoro kwako. Majaribio mengi haya yalifanywa kwa wanafunzi wa vyuo na watu waliojitolea mtandaoni, wengi wao hali zao si mbaya sana, na waliandika kwa siri. Hukuwa na hata moja kati ya hayo. Ulikuwa kwenye matanga ya moyo wako na ukasimamishwa mbele ya watu. Wastani mdogo wenye faida unaweza kuwa na watu ndani yake ambao zoezi liliwaumiza, na wastani hauwaonyeshi.

Kwa mzigo kama wako kuna njia nyingine iliyopimwa, ambayo haikudai uandike jema lolote. James Pennebaker na Sandra Beall walianza mwaka 1986 kuwaandikisha watu jambo zito lililowapata, dakika 15 kwa siku nne, bila kujali tahajia, karatasi asiione mtu. Nayo faida yake kwa wastani ni ndogo, na siku yenyewe ya kuandika watu wengi hujisikia vibaya zaidi kabla ya kutulia. Msiba ukiwa mbichi sana sipendekezi. Ila inaonyesha kwamba kusema ukweli mchungu kwenye karatasi si kinyume cha uponyaji.

Tabibu_Siaya

Naongeza la kliniki tu. Fomu tunazotumia kupima sonona huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kama kwa wiki mbili, karibu kila siku, mtu amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, halali au analala kupita kiasi, chakula hakipiti, anajiona hana thamani, basi asipewe daftari. Aje hospitali aonwe. Na akitaja kufikiria kufa, aje leo. Nimewaona waliochelewa kwa sababu walidhani hawajashukuru vya kutosha.

Khayanga_Kakamega

Asanteni. Nimesoma mara mbili.

Nesi_LangaLanga

Mmenifungua macho. Sasa Dada Atieno, nisaidie kwa vitendo. Jana niliandika hivi: "Nashukuru kwa afya, kwa wenzangu kazini, kwa watoto wangu." Ungeandikaje wewe?

Atieno_Milimani

Nisingeandika matatu. Chukua moja tu, hilo la wenzako, kisha niambie: nani hasa, siku gani, alifanya nini?

Nesi_LangaLanga

Jumanne. Mwenzangu wa kunipokea asubuhi alikwama njiani, matatu iliharibika upande wa Gilgil. Chebet alikuwa ameshamaliza zamu yake na amevaa sweta aondoke. Akaniona nahangaika na mama aliyekuwa anatoka damu baada ya kujifungua. Akavua sweta, akashika drip, akabaki mpaka tukamtuliza yule mama. Alikosa kumpeleka mtoto wake shule, ikabidi amtume jirani.

Atieno_Milimani

Unaona tofauti na "wenzangu kazini"? Umeandika sweta. Umeandika gharama aliyolipa, yaani mtoto kupelekwa na jirani. Ukifika hapo huhitaji kulazimisha hisia.

Sasa ongeza mstari mmoja: isingekuwa hivyo, ingekuwaje? Hili nalo limepimwa. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake waliwaambia watu waandike jinsi jambo jema maishani mwao lingeweza kutotokea, na wengine waandike jinsi lilivyotokea. Waliofikiria kutotokea kwake ndio waliochangamka zaidi, ingawa watu walipoulizwa kabla walitarajia kinyume chake. Kwako mstari ni mfupi: Chebet angetoka dakika mbili mapema, ningekuwa peke yangu na yule mama.

Halafu mstari wa mwisho, na huu ni wangu, sitasema utafiti fulani umeuamuru: andika jambo moja ambalo haliko sawa, bila kulipamba. Kwa hiyo ukurasa wako wa wiki unakuwa hivi:

"Jumanne Chebet alivua sweta akabaki kunisaidia na mama aliyekuwa anatoka damu. Mtoto wake akapelekwa shule na jirani. Angetangulia dakika mbili ningekuwa peke yangu. Posho ya usiku bado haijalipwa, na mpango wa kumpokea mtu asubuhi akichelewa mwenzake hatuna."

Ni dakika tano, mara moja kwa wiki, siku usiyokesha. Na tazama mstari wa mwisho umekuonyesha nini. Chebet alifanya wema kwa sababu kituo hakina mpango wa dharura wa zamu. Ukiandika shukrani peke yake, wema wake unafunika pengo hilo. Ukiandika yote mawili, unaweza kumshukuru Chebet na bado ukapeleka hoja kwenye kikao. Wiki ambayo hakuna kitu kilichokugusa, andika tarehe na "hakuna", ufunge daftari.

Otis_Ahero

Mimi si mtu wa daftari. Lakini kuna mwalimu wa zamani aliyenilipia karo ya muhula mmoja darasa la nane, sijawahi kumwambia asante ya maana. Naogopa nitaonekana kama namtafuta kwa shida. Je, barua ina faida kuliko daftari?

Atieno_Milimani

Kaka Otis, katika jaribio lile la 2005 kuandika barua ya shukrani na kuipeleka mwenyewe ndiko kuliinua watu zaidi ya mazoezi yote, kwa muda wa mwezi hivi. Miezi mitatu baadaye kiwango kilikuwa kimerudi. Kwa hiyo usiitarajie ikubebe mwaka mzima.

Kuhusu woga wako, Amit Kumar na Nicholas Epley walilichunguza hilohilo mwaka 2018. Walioandika barua walidhani mpokeaji ataona aibu na hatafurahi sana. Wapokeaji walipoulizwa, walikuwa wamefurahi zaidi ya walivyodhaniwa, na aibu ilikuwa ndogo. Waandishi walihangaika kama maneno yao ni fasaha, wapokeaji waliangalia joto la ujumbe. Taja muhula, taja karo, mwambie ulifika wapi. Kama unahofia ataona unamwomba, mwandikie mstari wa kwanza kwamba huna shida yoyote.

Mzee_Kapsabet

Mwanangu Otis, mimi ni mwalimu mstaafu. Andika. Usingoje mazishi ndipo usome sifa zake kwenye wasifu wa marehemu.

Mwalimu_Lugari

Nafundisha kidato cha pili. Nimesikia kuna mpango wa Shamiri unaotumia shukrani kwa wanafunzi wa Kenya. Kwa nini hamjautaja? Hiyo si ndiyo ushahidi wa hapa kwetu?

Atieno_Milimani

Ndiyo mwalimu, na ni vizuri umeuleta. Tom Osborn na wenzake walichapisha mwaka 2021 jaribio la wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za juu za sonona au wasiwasi. Vilikuwa vipindi vinne vya saa moja kwa vikundi, vikiongozwa na vijana waliotoka sekondari si muda mrefu. Wenzao walifundishwa mbinu za kusoma kwa vipindi hivyohivyo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, ila la Shamiri zaidi. Mimi nalithamini sana kwa sababu walinganishwa walipewa kitu cha maana pia, si kuachwa wajaze fomu.

Lakini Shamiri ni vitu vitatu pamoja: kuamini kwamba mtu anaweza kukua, shukrani, na kutafakari maadili unayoyathamini. Jaribio hilo halikuambii kipande cha shukrani kilibeba kiasi gani. Na kulikuwa na kikundi na kiongozi kijana aliyefunzwa, si daftari na kengele. Ukitaka kuwafanyia wanafunzi wako, usiwasomeshe kwa sauti na usisahihishe. Mtoto akijua mwalimu atasoma, ataandika kwa ajili ya mwalimu.

Mwalimu_Lugari

Na nisiposoma, nitajuaje aliye na shida?

Tabibu_Siaya

Hapo mimi na Dada Atieno hatutakubaliana kirahisi. Mimi ningesoma, nikiwaambia mapema kwamba nitasoma na kwa nini.

Atieno_Milimani

Kweli hatukubaliani. Ningetenganisha mambo mawili: daftari libaki la mtoto, na anayetaka kuonwa awe na njia nyingine ya kujitaja. Lakini najua shule nyingi hazina mshauri mwenye nafasi, kwa hiyo siwezi kukuambia Tabibu amekosea.

Wekesa_Bungoma

Mimi nitaendelea kila siku, lakini nimepunguza kutoka kumi hadi moja. Tuone.

Nesi_LangaLanga

Nimezungumza na msimamizi wetu. Nilimpelekea mambo mawili tu: kusoma kwa sauti kuwe kwa hiari, na mambo kumi yawe moja kwa wiki. La kwanza amekubali. La pili amesema agizo limetoka juu, atauliza. Mstari wa mpango wa zamu nimeuandika kama ajenda ya kikao kijacho, na Chebet nimemwambia ana kwa ana kuhusu ile Jumanne. Alisema hakujua niligundua kuhusu mtoto na jirani.

Posho bado.